Mnara wa visahani au taji la vikombe: betri ipi ya Volta uijenge

Tarehe 20 Machi 1800, akiwa Como kaskazini mwa Italia, Alessandro Volta alimwandikia Joseph Banks, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya London, barua ndefu kwa Kifaransa. Ndani yake alieleza vyombo viwili, si kimoja. Cha kwanza ni mnara wa visahani vya metali vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na ndicho kinachochorwa kwenye vitabu vya shule. Cha pili ni safu ya vikombe vya maji ya chumvi vilivyounganishwa kwa pinde za metali. Hicho alikiita taji la vikombe, na leo wengi hawajawahi kukisikia.

Anayetaka kuonyesha darasani au nyumbani jinsi betri ya kwanza ilivyofanya kazi kwa kawaida hukimbilia mnara. Mara nyingi unampa volti nzuri kwa dakika chache, kisha unadhoofika, naye asijue kilichoharibika kwa sababu kila kitu kimefunikwa. Kwa hiyo kabla hujakata kipande cha kwanza cha shaba, jiulize unataka kuthibitisha nini. Umeme wa vyombo hivi ni uleule, ila vinajibu maswali mawili tofauti. Mnara unamjibu Luigi Galvani. Vikombe vinamjibu Volta mwenyewe, tena kwa jambo ambalo hakulikubali hadi alipofariki mwaka 1827.

Ugomvi ulikuwa juu ya nini

Galvani alikuwa daktari na mwalimu wa anatomia mjini Bologna. Katika miaka ya 1780 alikuwa akitumia miguu ya nyuma ya chura, iliyochunwa ngozi na kuachwa na neva zake zikitokeza kwenye uti wa mgongo. Aligundua kwamba miguu hiyo ikitundikwa kwa ndoano ya shaba nyeupe kwenye uzio wa chuma hushtuka, hata pasipo radi wala mashine ya umeme karibu. Mwaka 1791 alichapisha maelezo yake: umeme umehifadhiwa ndani ya misuli ya mnyama, na metali ni njia tu ya kuutoa, sawa na waya unavyotoa chaji kwenye mtungi wa Leiden, chombo cha kioo cha kuhifadhia chaji.

Volta, aliyekuwa profesa wa fizikia Pavia, mwanzoni alikubali. Baadaye jambo moja likamkera: mguu ulishtuka vizuri zaidi pale metali zilipokuwa mbili tofauti, na kwa shida au la kabisa zilipokuwa aina moja. Kama umeme unatoka kwa chura, metali ya pili ina kazi gani? Akahitimisha kwamba umeme unazaliwa pale metali mbili tofauti zinapogusana, na kwamba chura ni kipimo tu, chepesi kuhisi kuliko kipimo chochote cha wakati ule.

Upande wa Galvani haukunyamaza. Mwaka 1794 ulitoka utafiti ulioonyesha mguu ukishtuka bila metali yoyote, neva iliyokatwa ikiguswa tu kwenye msuli. Mwaka 1797 Galvani aligusanisha neva ya mguu mmoja na neva ya mguu mwingine, na msuli ukajikunja. Hoja hiyo ilikuwa nzito. Volta alijibu kwamba hata vitu viwili vya majimaji visivyofanana vinaweza kuzalisha umeme vikigusana. Jibu hilo lilimpa nafasi ya kupumua, lakini halikumaliza neno, kwa sababu bado palikuwa na nyama ya mnyama kwenye sakiti. Alihitaji chombo kisicho na mnyama hata kidogo, chenye kutoa kila athari iliyosemwa kuwa ya mnyama. Kwa kipimo chake chenye kulimbikiza chaji alikuwa amekwisha kuona dalili za umeme kutoka metali mbili peke yake, ila zilikuwa ndogo mno kumshawishi mtu asiyetaka kushawishika.

Galvani alifariki Desemba 1798, na mnara hakuuona.

Kwa nini mkondo usiokatika ulikuwa habari mpya

Kabla ya 1800, aliyetaka umeme mwingi alikuwa na mtungi wa Leiden. Unaujaza kwa mashine ya kusugua, unaugusa, unapigwa shoti moja, umekwisha. Huwezi kuutumia kuchunguza jambo linalohitaji muda.

Mnara uliendelea kutoa. Volta aliueleza kama mkusanyiko mkubwa wa mitungi yenye chaji dhaifu inayojijaza yenyewe kila baada ya kutoa. Ushahidi wake ulikuwa mwili: ukiweka ulimi kwenye sakiti, ladha chachu haiji mara moja na kuondoka, bali inakaa muda wote sakiti imefungwa. Aliingiza hata fito za metali masikioni, akasikia sauti kama ya kitu kizito kinachochemka, akaacha kwa kuona ni hatari. Usijaribu hilo.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Misuli ya chura haionyeshi mkondo usiokatika. Hushtuka sakiti inapofungwa, na wakati mwingine inapofunguliwa, lakini katikati hutulia ingawa umeme unapita. Ndiyo maana chura peke yake asingeweza kumwonyesha yeyote kwamba kuna mkondo endelevu. Uthibitisho usio na utata ulitoka Uingereza wiki chache tu baada ya barua kufika. Anthony Carlisle na William Nicholson walijenga mnara wa sarafu 17 za fedha, visahani vya zinki na kadibodi ya maji ya chumvi, wakaingiza nyaya zake mbili ndani ya maji, na gesi ikatoka kama viputo mfululizo. Maji yalikuwa yanagawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni.

Vitu vinavyohitajika kwa vyombo vyote viwili

Volta alipendelea fedha na zinki. Shaba na zinki zinatosha. Shaba nyekundu utaipata kwa fundi wa majokofu, kwenye mabaki ya bomba, au kwenye bamba jembamba. Isiwe shaba nyeupe, na isiwe chuma kilichopakwa shaba: jaribu kwa sumaku, ikinasa iache.

Zinki ndiyo inayosumbua. Washa za bolti na mabati ya kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Yanafanya kazi mpaka ngozi ya zinki ilike, na kingo ulizokata ni chuma tupu tangu mwanzo. Zinki halisi iliyo rahisi kupatikana ni ganda la ndani la betri kubwa za tochi, zile za bei nafuu za kaboni na zinki. Ganda moja hutoa visahani vitatu vya sentimita 3. Vaa glovu, toa unga mweusi, osha kwa maji mengi. Betri za alkali usizipasue, ndani yake kuna kitu kinachounguza na ganda lake ni chuma. Za simu usiziguse kabisa.

Sugua metali zote kwa msasa hadi ziwe angavu, siku hiyohiyo ya kazi. Maji ya chumvi: gramu 25 za chumvi, yaani vijiko vinne hivi vya chai, katika mililita 200 za maji ya uvuguvugu. Unahitaji pia multimita na kizuio cha ohmu 1000. Bila kizuio utapima volti tu, na volti peke yake inadanganya.

Mnara: hesabu kadibodi, usihesabu jozi

Mnara wa seli 10 unataka visahani 10 vya zinki, 10 vya shaba, vyote vya kipenyo cha sentimita 3, na vipande 10 vya kadibodi vya sentimita 2.5. Kadibodi iwe ndogo kuliko metali kwa makusudi, sababu utaiona.

Mpangilio ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa lenyewe ni la Volta. Yeye aliamini umeme unazaliwa kwenye mguso wa shaba na zinki, kwa hiyo kwake kizio kimoja kilikuwa jozi ya metali zilizogusana, na kadibodi ilikuwa kiungo tu. Alianza na jozi chini na kumaliza na jozi juu: shaba, zinki, kadibodi, shaba, zinki, kadibodi, hadi shaba na zinki juu kabisa. Ukifuata hivyo kwa visahani 20 utapata kadibodi 9 tu, na seli 9. Shaba ya chini kabisa na zinki ya juu kabisa hazifanyi chochote zaidi ya kupitisha umeme kama waya.

Seli halisi ni zinki, majimaji, shaba. Anza na zinki peke yake chini, weka kadibodi, juu yake shaba na zinki, kadibodi tena, shaba na zinki, hivyohivyo hadi kadibodi ya 10, kisha funga na shaba peke yake. Metali ni zilezile, ila sasa una seli 10. Zinki ya chini ni hasi, shaba ya juu ni chanya. Kwenye mnara wa Volta ni kinyume na macho yanavyodhani: ncha yenye shaba ndiyo hasi, kwa sababu shaba hiyo imeegemea tu kwenye zinki inayofanya kazi. Ukiona vitabu viwili vinapingana kuhusu ncha ipi ni chanya, mara nyingi kimoja kimechora mpangilio wa Volta na kingine kimekata visahani vya ziada.

Lowesha kadibodi dakika tano, kisha ikamue kati ya vidole mpaka isitoe tone. Hili ndilo linaloamua kama mnara utafanya kazi. Uzito wa visahani vya juu unakamua kadibodi za chini, maji yanatoka pembeni, yanashuka ubavuni na kuunganisha kisahani na kisahani. Umeme unapata njia ya mkato nje ya waya wako. Ndiyo maana kadibodi ikawa ndogo, ili ukingo mkavu wa milimita mbili na nusu ubaki pande zote. Shikilia mnara kwa vijiti vitatu vya plastiki au vya mbao iliyopakwa nta, usiubane kwa skrubu ya chuma kupita katikati.

Kila seli ya shaba na zinki kwenye maji ya chumvi hutoa volti 0.7 hadi 0.8 kabla haijatumikishwa. Tuseme 0.75, seli 10 zitatoa 7.5. Kipimo kikija pungufu, kiasi kilichopungua kinakuambia kilichoharibika. Ukipata karibu 6.8, seli moja imekufa, mara nyingi kwa kuwa maji yameipita ubavuni. Ukipata karibu 6.0, una jozi moja uliyoigeuza, shaba juu mahali pa zinki. Jozi moja iliyogeuka inaua seli mbili kwa pamoja, kwa kuwa kadibodi moja inabaki na zinki pande zote mbili na inayofuata inabaki na shaba pande zote mbili. Kuipata, shika ncha moja ya multimita chini kabisa na upandishe nyingine kisahani kwa kisahani. Volti zinapaswa kupanda kwa hatua sawa. Pale zinapokwama ndipo penye kosa.

Taji la vikombe: kila kitu kiko wazi

Hapa tunajenga seli 6, zinatosha. Chukua vikombe sita vya plastiki au bilauri, tia maji ya chumvi nusu. Kata vipande vya zinki na shaba vya urefu wa sentimita 6 na upana wa 2. Unganisha zinki moja na shaba moja kwa ribiti au kwa kibanio imara, ukunje kuwa upinde. Unahitaji pinde tano, zinki moja ya peke yake kwa kikombe cha kwanza na shaba moja ya peke yake kwa kikombe cha mwisho. Kila upinde unapanda ukuta wa vikombe viwili, zinki yake ikiwa kwenye kimoja na shaba yake kwenye jirani. Metali mbili ndani ya kikombe kimoja zisigusane kamwe, na kiungo cha upinde kibaki juu, kikavu. Kiungo kikilowa, zinki inaanza kuliwa hapohapo bila umeme wowote kufika kwenye waya wako.

Seli sita zitatoa volti 4.2 hadi 4.8. Upinde uliogeuzwa unaonekana kwa macho: kikombe kimoja kina zinki mbili, jirani yake kina shaba mbili. Hakuna haja ya kupanda na multimita.

Shida yake kuu ni meza iliyolowa. Vikombe vilivyosimama kwenye dimbwi la maji ya chumvi, au kingo zenye chumvi iliyopanda na kukauka, vinavujisha umeme kutoka kimoja hadi kingine. Viweke juu ya plastiki kavu na uache nafasi ya kidole kati yake.

Wengi wanadhani vikombe ni dhaifu kwa sababu metali ziko mbali, sentimita 3 badala ya milimita moja ya kadibodi. Ni kweli ukinzani wa majimaji ni mkubwa zaidi, lakini piga hesabu. Kwa vipande vya ukubwa tuliotaja, kikombe kimoja kina ohmu tatu hadi nne hivi za majimaji, ilhali kadibodi ya mnara ina chini ya ohmu moja. Mkondo wa miliampea 5 ukipita kwenye ohmu 4 unapoteza volti 0.02. Si kitu. Kinachoua seli hizi hakiko katikati ya majimaji, kiko kwenye uso wa shaba.

Kinachotokea mkondo unapopita

Kwenye zinki, atomi zinaacha elektroni na kuingia majini: Zn → Zn²⁺ + 2e⁻. Elektroni zinapita kwenye waya hadi kwenye shaba, na hapo lazima kitu kizipokee. Shaba yenyewe haiyeyuki. Vinavyopokea ni oksijeni kidogo iliyoyeyuka majini, na maji yenyewe ambayo hutoa haidrojeni. Oksijeni iliyo karibu na shaba inaisha upesi, na viputo vya haidrojeni vinaifunika. Volti zinaporomoka.

Unganisha kizuio cha ohmu 1000 kwenye mnara wako wa 7.5 na utazame. Tuseme baada ya dakika tano multimita inasoma volti 5 kwenye kizuio. Mkondo ni 5 gawanya kwa 1000, yaani miliampea 5. Volti 2.5 zimepotelea ndani ya mnara, na kwa miliampea 5 hiyo ni sawa na ohmu 500, ohmu 50 kwa kila seli. Linganisha na ile ohmu moja ya kadibodi: karibu hasara yote iko kwenye nyuso za metali. Kuongeza chumvi hakutasaidia sana hapo. Kinachosaidia ni kuongeza eneo la shaba, kuisafisha, au kuifikishia oksijeni.

Na hapa ndipo vyombo hivi vinapoachana. Kwenye vikombe, koroga maji au inua shaba uifute, na volti zinarudi ukiangalia. Kwenye mnara huwezi kufikia kitu mpaka uubomoe. Ukitoa kizuio na kuuacha upumzike utapata nafuu ya muda, kisha kadibodi zinakauka. Volta aliliona hilo, akaziba mnara kwa nta au lami ili unyevu usitoke, na akaripoti minara ya hivyo iliyodumu wiki kadhaa. Ukiziba wako, kumbuka kwamba umefunga pia njia ya hewa.

| | Mnara, seli 10 | Taji, seli 6 |
|---|---|---|
| Volti kabla ya kutumikishwa | 7 hadi 8 | 4.2 hadi 4.8 |
| Nafasi mezani | kiganja | nusu meza |
| Kinachoharibika kwanza | maji kushuka ubavuni, kadibodi kukauka | viputo kwenye shaba, meza kulowa |
| Kupata kosa | kupima kisahani kwa kisahani | kutazama |
| Kurudisha nguvu | kubomoa na kusugua upya | kukoroga, kufuta shaba |
| Muda wa kazi | saa chache | siku kadhaa, ukiongeza maji |

Kwa taa ndogo nyekundu ya LED inayohitaji karibu volti 1.8, seli tatu zinaiwasha kwa shida, nne zinaiwasha vizuri. Seli zote 10 zikitumika, kizuio kiwepo kwenye njia ya taa.

Kila kimoja kinathibitisha nini

Mnara ulimshinda Galvani kwa wingi wake. Athari iliyokuwa ndogo mno kati ya metali mbili ilirudiwa mara 20, 40, 60, na hakukuwa na nyama popote kwenye sakiti. Aliyegusa ncha zote mbili kwa mikono iliyolowa alipigwa shoti ileile inayotolewa na samaki wa umeme wa jamii ya taa. Volta aliufananisha mnara na kiungo cha umeme cha samaki huyo, chenye safu za tabaka nyembamba, na hata alikiita chombo chake kiungo cha umeme cha bandia. Hoja ilikuwa kali: kama metali na chumvi vinatosha kutoa kila kinachotolewa na samaki, basi umeme wa mnyama si aina ya pekee ya umeme. Kwa swali la ndoano na uzio wa chuma, Volta alikuwa sahihi. Metali zilikuwa betri, miili ya vyura ilikuwa majimaji, na msuli ulikuwa kipimo.

Ila mnara haukuthibitisha kwamba mnyama hana umeme. Unaonyesha kwamba si lazima awepo, na hilo ni jambo jingine. Jaribio la 1797 la neva kwa neva lilibaki bila jibu la kuridhisha, na watu wakalisahau kwa sababu ya kelele za betri. Katika miaka ya 1840 Carlo Matteucci nchini Italia, na baada yake Emil du Bois-Reymond mjini Berlin, walipima mkondo wa umeme unaotoka kwenye msuli uliojeruhiwa, bila metali mbili kuuzalisha. Galvani alikosea kuhusu uzio, hakukosea kuhusu chura.

Vikombe vinageukia upande wa pili. Volta aliamini mguso wa metali unatosha, na akaandika juu ya chombo chake kana kwamba hakiishi nguvu. Kwenye mnara ni vigumu kumbishia, maana mguso na majimaji vimebanwa pamoja. Kwenye vikombe vimetengana: mguso uko juu hewani, majimaji yako chini. Tazama ni wapi kitu kinabadilika. Kiungo cha juu kinabaki kama kilivyokuwa. Chini, zinki inakuwa nyeusi, inapata mashimo, na maji yanaweka ukungu mweupe.

Unaweza kulipima hilo. Acha taji lako litoe miliampea 5 kwa saa 24 na kila kipande cha zinki kitakuwa kimepoteza karibu gramu 0.15 kwa ajili ya mkondo huo, si kipande kimoja bali vyote sita, kwa kuwa mkondo uleule unapita kwa kila kimoja. Mizani ya sonara inaona tofauti hiyo. Ya jikoni haiwezi. Mkondo hautakaa kwenye 5 siku nzima, kwa hiyo uandike kila saa na utumie wastani. Weka pia kipande cha saba cha zinki kwenye kikombe cha pembeni kisichounganishwa na chochote, kwa sababu zinki hulika kidogo hata ikiwa peke yake. Toa upotevu wa kipande hicho kwenye hesabu, la sivyo utaidai kemia zaidi ya inachodaiwa. Michael Faraday katika miaka ya 1830 ndiye aliyeonyesha kwamba kiasi cha metali kinacholika na kiasi cha umeme kinachopita vinakwenda sambamba.

Mtetezi wa Volta atasema zinki inalika kama matokeo tu, chanzo bado ni mguso. Kuna jaribio linalomnyima njia hiyo, ingawa si la nyumbani kwa sababu linatoa gesi ya sumu. Chuma na shaba vikiwa ndani ya asidi dhaifu, chuma ndicho hasi. Vihamishie kwenye mmumunyo wa salfidi ya potasiamu, na mwanzoni shaba ndiyo inayokuwa hasi. Metali hazikubadilika, mguso wao ni uleule, lakini mkondo umegeuka upande kwa kubadilisha majimaji peke yake.

Basi uchague kipi

Kama una kipindi kimoja cha dakika 40 na unataka darasa lione betri ya kwanza ikiwasha taa, jenga mnara, lakini ujenge mbele yao, usiujenge usiku wa kuamkia. Ukilala umepangwa, zinki itaendelea kulika bila kazi yoyote na asubuhi utakuta kadibodi kavu zilizogandamana na metali. Anza na seli nne, onyesha taa, kisha ongeza hadi 10 huku volti zikipanda kwa hatua. Kupanda huko ndiko kulikomaliza ubishi mwaka 1800, kwa hiyo kusifichwe.

Kama una wiki nzima, au unataka wanafunzi waulize umeme unatoka wapi, jenga taji. Litakuvumilia ukikosea, na mtu anaweza kuchomoa upinde mmoja, kubadilisha maji ya kikombe kimoja kwa siki, kugeuza jozi kwa makusudi, akaona papo hapo kilichotokea. Kwa mwenye zinki kidogo pia ni taji: kipande kimoja hufanya kazi kwa nyuso zake mbili, na ukikitoa, ukakiosha kwa maji safi na kukikausha, kinakungoja hadi wiki ijayo.

Mtu mwenye metali za kutosha kwa chombo kimoja tu, na asiye na haraka, namshauri vikombe sita. Akitaka mnara baadaye, atakata visahani vidogo zaidi, vya sentimita 2, kwenye shaba ileile ambayo haijapungua hata kidogo, na atahitaji zinki mpya.